Nyumba kubwa au nyumba ni kubwa? Maswali ya wanaojifunza lugha zisizo na "ni"

Nafundisha Kiarabu kwa watu wazima ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Wengine walipita chuoni utotoni na wanasoma herufi vizuri bila kuelewa wanachosoma, wengine wanajiandaa kwenda kufanya kazi Ghuba. Wote hukwama mahali pamoja, wiki ya pili au ya tatu: wanatafuta neno la kutafsiri "ni" na hawalioni. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa kila muhula. Mengi ni ya Kiarabu kwa sababu ndicho ninachokijua kwa undani. Kirusi kimepata sehemu yake karibu na mwisho.

Maneno ya Kiarabu nimeyaandika kwa herufi zetu, pamoja na irabu za mwisho ambazo kwenye mazungumzo hazitamkwi. Ukisimama mwisho wa sentensi, "kabirun" inakuwa "kabir" tu.

Kwa Kiarabu "ni" inasemwaje?

Haisemwi. "Nyumba ni kubwa" ni *al-baytu kabirun*, maneno mawili: nyumba, kubwa. "Mimi ni mwalimu" ni *ana mualimun*: mimi, mwalimu. Hakuna neno lililofichwa katikati wala lililomezwa na matamshi. Sentensi imekamilika hivyo ilivyo.

Kama umekulia pwani umeshazisikia sentensi hizi maelfu ya mara. Alfajiri misikiti mingi huadhini *as-salatu khayrun mina n-nawm*: sala, bora, kuliko usingizi. Sisi tunapoitafsiri tunaongeza "ni", sala ni bora kuliko usingizi, lakini mwadhini hakuitamka. *Allahu akbar* vilevile, na *Muhammadun rasulu llah*, na ule msemo wa *as-sabru miftahu l-faraj*, subira ni ufunguo wa faraja. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wasianze na kitabu. Waanze na haya wanayoyajua kwa moyo, watafute "ni" iko wapi. Wakishaikosa mara nne wanaacha kuitafuta.

Sasa bila "ni", msikilizaji anajuaje kwamba sentensi imeisha na si "nyumba kubwa" tu?

Hili ndilo swali lenyewe, na ukilielewa jibu lake umeshapata nusu ya somo. Angalia hizi tatu:

*al-baytu kabirun*: nyumba ni kubwa.
*al-baytu l-kabiru*: ile nyumba kubwa.
*baytun kabirun*: nyumba kubwa (fulani).

Kazi inayofanywa na "ni" kwetu, kwa Kiarabu inafanywa na *al-*. *Al-* huonyesha kwamba kitu kinajulikana kati ya msemaji na msikilizaji. Kivumishi cha Kiarabu hufuata nomino yake katika hilo: nomino ikiwa na *al-*, kivumishi nacho huivaa, nomino ikiwa haina, kivumishi nacho hakina. Kwa hiyo mfano wa pili na wa tatu ni vifungu tu, maneno yanayotembea pamoja, na msikilizaji bado anangoja: nyumba kubwa imefanya nini?

Katika mfano wa kwanza maneno mawili hayalingani. Nyumba inajulikana, "kubwa" haina *al-*. Kutolingana huko ndiko kunakomwambia msikilizaji kwamba neno la pili halikuja kuipambanua nyumba, limekuja kutoa taarifa juu yake. Waarabu wenyewe wanaliita neno la kwanza *mubtadaa*, yaani cha kuanzia, na la pili *khabar*. Hiyo *khabar* unaijua: ndiyo iliyotupa "habari". Unataja kitu kinachojulikana, kisha unatoa habari yake. Sarufi ya Kiswahili nayo inasema kiima na kiarifu, na kiarifu ni chenye kuarifu. Ni wazo lilelile.

Kosa la kawaida kabisa ni mwanafunzi kusema *al-baytu l-kabiru* akidhani amesema nyumba ni kubwa. Utalitambua kwa uso wa anayekusikiliza: anaendelea kukutazama, anangoja umalize.

Inakuwaje nikitaka kusema "hii ni nyumba"?

Kanuni ni ileile, ila hapa inauma zaidi kwa sababu tofauti ni sauti moja. *Hadha baytun* ni "hii ni nyumba". *Hadha l-baytu* ni "nyumba hii". Kwa Kiswahili tunabadilisha mpangilio na kuongeza neno. Kwa Kiarabu mpangilio haubadiliki, kinachobadilika ni *al-*.

Na kama habari yenyewe inajulikana? Kwa mfano "Ali ndiye mkurugenzi".

Umejibu mwenyewe ulipotumia "ndiye". Hapa neno la pili lina *al-* yake halali, na hatari ni kwamba pande mbili zitalingana na kusomeka kama kifungu. Kiarabu huweka kiwakilishi katikati ili kuzitenganisha: *Aliyyun huwa l-mudiru*, neno kwa neno "Ali, yeye, mkurugenzi". Akiwa mwanamke, *Fatimatu hiya l-mudiratu*. Wanasarufi wanakiita kiwakilishi hicho *dhamiru l-fasl*, kiwakilishi cha kutenganisha, na jina hilo linasema kazi yake waziwazi.

Njia rahisi ya kukumbuka: mahali ambapo Kiswahili kizuri kinataka "ndiye, ndiyo, ndicho", Kiarabu kinataka *huwa* au *hiya*. *Hadha huwa l-baytu*: hii ndiyo nyumba. Mahali ambapo Kiswahili kinatosheka na "ni", usiweke kitu.

Kuna habari nyingine zinazojulikana ambazo hazihitaji kitenganishi. *Muhammadun rasulu llah* haina *huwa*, kwa sababu "mtume wa Mungu" ni kifungu cha umilikaji ambacho hakiwezi kusomeka kama kivumishi cha jina lililotangulia. Hatari ya kuchanganya haipo, hivyo na kinga haihitajiki.

Hiyo "huwa" ndiyo "huwa" ya Kiswahili?

Hapana! Na naomba uliandike hili mahali utakapoliona. "Huwa" yetu ni kitenzi: *hu-* ya mazoea na *-wa* ya kuwa. "Julai huwa na baridi." *Huwa* ya Kiarabu ni kiwakilishi, maana yake "yeye" wa kiume. Zimekutana kwa sura tu, kama watu wawili wasio ndugu wanaofanana sokoni.

Mchanganyiko huu unaleta kosa moja mahususi. Mwanafunzi anaona *huwa* katikati ya sentensi ya Kiarabu, anafurahi kwamba hatimaye ameipata "ni", kisha anaichomeka kila mahali: *ana huwa mualimun*. Amesema "mimi yeye mwalimu".

Lakini Kiswahili kina kitenzi cha "ni". Kwa nini Kiarabu kikose?

Hebu tuikague kwanza hiyo "ni". Shuleni tulifundishwa kwamba ni kitenzi kishirikishi kipungufu, na neno la kuangalia hapo ni "kipungufu". Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi na wakati: ninasoma, ulisoma, watasoma. "Ni" haibebi chochote kati ya hivyo. Mimi ni, wewe ni, wao ni. Sura moja kwa wote. Ukitaka kuipeleka jana huwezi, lazima uiache uchukue kitenzi kingine: nilikuwa, watakuwa.

Tena hata hiyo "ni" tunaiacha mara nyingi kuliko tunavyodhani. "Jina lako nani?" "Bei gani?" "Mimi mgeni hapa." "Baba yako mkali!" Na kuna mtindo mwingine ambao wazee na washairi wanaupenda zaidi kuliko vijana: "u hali gani", "tu wazima", "chakula ki tayari". Hapo kuna kiambishi cha nafsi au ngeli peke yake, kisha habari. Hakuna shina la kitenzi.

Kwa hiyo umbali si mkubwa kama unavyoonekana. Lugha zote mbili zinaona wakati uliopo kama hali ya kawaida isiyohitaji kitenzi kamili. Kitenzi kinaitwa pale tu sentensi inapotoka nje ya sasa. Tofauti ni kwamba Kiswahili kiliweka kijiti kidogo katikati kuonyesha mpaka wa pande mbili, na Kiarabu kikauonyesha mpaka huo kwa *al-*.

Nikitaka kusema jana au kesho?

Hapo kitenzi kinakuja, nacho ni *kana*. *Kana l-baytu kabiran*: nyumba ilikuwa kubwa. *Sayakunu l-baytu kabiran*: nyumba itakuwa kubwa.

Tazama mwisho wa neno: si *kabirun* tena, ni *kabiran*. *Kana* ikiingia, inaiacha mubtadaa kama ilivyo na kuibadilisha khabar. Kwa maandishi kosa hili linaonekana hata pasipo irabu, kwa sababu *-an* huandikwa kwa alifu mwishoni mwa neno la kiume. Ukiandika sentensi ya jana bila alifu hiyo, msahihishaji atakuwekea duara jekundu. Neno la kike linaloishia kwa *ta marbuta* halichukui alifu, hivyo *kanati l-ghurfatu kabiratan* haina cha kuongeza kwenye maandishi yasiyo na irabu.

Si basi nitumie "yakunu" kwa wakati uliopo? Kamusi inasema maana yake "kuwa".

Kamusi haijakosea, lakini usiitumie hivyo. *Ana akunu mualiman* inasikika kwa Mwarabu kama mtu anayesema "mimi nawa mwalimu". Ataelewa, ila atajua kwamba umetafsiri.

*Yakunu* ina mahali pake. Huja baada ya *an*, kwa mfano *uridu an akuna tabiban*, nataka kuwa daktari. Huja baada ya *qad* kuonyesha uwezekano: *qad yakunu maridhan*, huenda akawa mgonjwa. Huja kwa mambo ya kawaida yanayojirudia, kama *yakunu l-jawwu harran fi s-sayfi*, hali ya hewa huwa ya joto wakati wa kiangazi. (Hapa sasa ndipo "huwa" yetu inapopata tafsiri yake halali.) Ninapojisahihisha mimi mwenyewe hufanya hivi: kila *yakunu* niliyoandika naiuliza kwa nini upo hapa. Kama si kwa ajili ya kesho, *an*, *qad* wala mazoea, naifuta.

Na kukanusha? "Si" inasemwaje?

Kwenye kukanusha Kiarabu kina neno, na linabeba nafsi: *laysa*. Mimi si ni *lastu*, wewe mwanamume *lasta*, wewe mwanamke *lasti*, yeye *laysa*, yeye wa kike *laysat*, sisi *lasna*, ninyi *lastum*, wao *laysu*. Kichekesho chake ni kwamba limevaa viambishi vya wakati uliopita lakini maana yake ni ya sasa. Usilitafutie wakati mwingine, halina.

Linafanya kazi ileile ya *kana* kwenye khabar: *lastu mualiman*, mimi si mwalimu, *laysa l-baytu kabiran*, nyumba si kubwa. Unaweza pia kuitanguliza *bi* mbele ya khabar, *laysa l-baytu bi-kabirin*, ukitaka kukaza kidogo.

Mtaani *laysa* husikika kwa nadra. Misri watakuambia *ana mish taaban*, sijachoka. Nchi nyingi za Ghuba ni *ana mub taaban* au *mu*. Anayekwenda kufanya kazi ajifunze neno la mahali anapokwenda, kisha *laysa* aiache kwa gazeti, barua na hotuba. Uzuri ni kwamba ile kanuni ya *al-* iko palepale mtaani hata baada ya irabu zote za mwisho kuanguka: *el-bet kabir* ni sentensi, *el-bet el-kabir* ni kifungu.

"Yuko, kipo, mna" je? Hizo nazo hazina neno?

Mahali napo hakuna kitenzi. "Kitabu kipo mezani" ni *al-kitabu ala l-maktabi*, kitabu juu ya meza ya kuandikia. "Mama yuko nyumbani" ni *ummi fi l-bayti*, mama yangu ndani ya nyumba. Kiswahili kinatofautisha "ni" ya sifa na "-ko, -po, -mo" za mahali. Kiarabu kinaziacha zote mbili tupu.

Mambo yanabadilika pale kitu chenyewe hakijulikani bado. "Nyumbani mna mtu" haiwezi kuanza na mtu, kwa sababu mubtadaa isiyojulikana ni mguu mbovu wa kusimamia. Kiarabu hutanguliza mahali: *fi l-bayti rajulun*, ndani ya nyumba, mwanamume. Ukigeuza ukasema *rajulun fi l-bayti*, msikilizaji atasikia "mwanamume aliye nyumbani" na ataanza kungoja tena. Sikia jinsi Kiswahili nacho kinavyopenda mpangilio huohuo: "nyumbani mna mtu" inakaa vizuri kuliko "mtu yumo nyumbani" unapomtaja mtu huyo kwa mara ya kwanza.

Umilikaji una hadithi kama hiyo. "Nina kitabu" ni *indi kitabun*, kwangu kitabu. Hakuna kitenzi cha kumiliki. Wanaotoka kwenye Kiingereza hulalamika sana hapa; sisi hatuna sababu ya kulalamika, kwani "nina" yetu ni "ni" ya nafsi na "na", mimi pamoja na kitabu.

Kwa nini mwalimu alinisahihisha niliposema "nimechoka" kwa kitenzi?

Kwa sababu Kiswahili husema hali nyingi za mwili kwa *-me-* au kwa *-na*, na Kiarabu huzisema kwa sentensi isiyo na kitenzi. Nimechoka ni *ana taaban*, mimi mchovu. Nina njaa ni *ana jaiun*, mimi mwenye njaa. Mlango umefungwa ni *al-babu mughlaqun*. Nimekaa ni *ana jalisun*, mimi mkaaji, kwa namna ya kusema.

Ukitumia kitenzi cha wakati uliopita, *jalastu*, umesema "nilikaa", yaani tendo la kuketi ambalo limekwisha. Mtu akikupigia simu akuulize unafanya nini, *ana jalisun* ndiyo jibu. Hili watu wangu huchelewa kulipata, na sishangai, maana halionekani kwenye orodha ya msamiati. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kujiuliza: hiki ninachokisema ni tendo lililotokea, au ni hali niliyomo hivi sasa? Kama ni hali, jaribu kwanza sentensi tupu.

Vitabu ni vipya: mbona ikawa "jadidatun" na si wingi?

Hii si hasa habari ya "ni", lakini inatokea kila mara ndani ya sentensi hizi. Wingi wa visivyo watu huhesabiwa kama mwanamke mmoja: *al-kutubu jadidatun*. Sisi tuliozoea vi-vya-vile tunatafuta wingi wa kivumishi. Chukulia kwamba vitu vyote vya wingi vimehamishiwa ngeli moja, basi.

Unaweza kutuonyesha kifungu kizima kikifanyiwa kazi?

Hiki nakitumia darasani. Kiswahili chake:

"Jina langu Salma. Mimi ni muuguzi. Natoka Tanga. Nyumba yetu ni ndogo lakini ni nzuri. Ina vyumba vitatu. Mama yuko nyumbani, baba hayuko. Vitabu vyangu viko mezani, ni vipya."

*Ismi Salma.* Hapa Kiswahili chenyewe hakikuweka "ni", kwa hiyo hakuna anayekosea.

*Ana mumarridhatun.* Mimi, muuguzi wa kike. Hakuna *al-* kwenye khabar, kwa sababu yeye ni mmoja wa wauguzi. Akisema *ana l-mumarridhatu* amejitaja kuwa ndiye yule muuguzi mnayemngoja.

*Ana min Tanga.* Kiswahili kimetumia kitenzi "kutoka", Kiarabu hakikihitaji: mimi kutoka Tanga. Kihusishi peke yake kinatosha kuwa habari.

*Baytuna saghirun, lakinnahu jamilun.* Hapa ndipo wengi huanguka. Kiswahili kimesema "lakini ni nzuri" bila kutaja nyumba tena, na "ni" imebeba mzigo wa sentensi nzima peke yake. Kiarabu hakina cha kuubeba mzigo huo. Lazima upande wa kwanza urudi japo kwa kiwakilishi, na baada ya *lakinna* kiwakilishi hushikana nayo: *lakinnahu*, lakini yenyewe. Ukitafsiri "ni nzuri" kwa neno moja *jamilun* baada ya *lakinna*, sentensi imebaki na mguu mmoja. Tazama pia kwamba "nyumba yetu", *baytuna*, haina *al-* lakini inajulikana, kwa sababu mwenye nyumba ametajwa. Kitu chenye mwenyewe kinahesabiwa kuwa kinajulikana.

*Fihi thalathu ghurafin.* Ndani yake vyumba vitatu. Vyumba havijulikani bado, kwa hiyo mahali pametangulia.

*Ummi fi l-bayti, wa abi laysa fi l-bayti.* "Hayuko" imehitaji *laysa*, na mahali pamerudiwa. Khabar ikiwa ni kihusishi na jina, *laysa* haigusi mwisho wake.

*Kutubi ala l-maktabi, wa hiya jadidatun.* "Ni vipya" nayo imerudishiwa mubtadaa yake, *hiya*, kwa ile hesabu ya mwanamke mmoja. Hii *hiya* si ya kutenganisha. Ni mubtadaa yenyewe.

Ukihesabu, Kiswahili kina "ni" nne na "-ko" tatu. Kiarabu kimezijibu zote saba kwa *laysa* moja na viwakilishi viwili.

Kirusi nacho hakina "ni". Kanuni ni hizihizi?

Matokeo yanafanana, vyombo ni vingine. Waliosoma Moscow, na kuna Watanzania na Wakenya wengi waliopita Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa tangu kilipoanzishwa mwaka 1960, watakuambia kwamba *ya vrach* ni "mimi ni daktari" na *eto dom* ni "hii ni nyumba". Kirusi hakina kitu kama *al-*, kwa hiyo hakiwezi kutegemea kulingana na kutolingana. Hutegemea mpangilio: *novi dom* ni nyumba mpya, *dom novi* ni nyumba ni mpya. Kivumishi kikitangulia kinapambanua, kikifuata kinaarifu.

Pande zote mbili zikiwa majina, kwenye maandishi Warusi huweka kistari kirefu mahali ambapo kitenzi kingekaa: *Moskva — stolitsa Rossii*, Moscow ni mji mkuu wa Urusi. Kwa mdomo kistari hicho ni pumzi fupi. Baada ya kiwakilishi kama *ya* kwa kawaida hakiwekwi. Kukanusha ni *ne* tu, *ya ne vrach*, na jana hurudisha kitenzi kama Kiarabu: *on byl vrachom*, alikuwa daktari. Neno "daktari" nalo limebadilika mwisho, kutoka *vrach* hadi *vrachom*, jambo ambalo mwanafunzi wa *kana* hatalishangaa.

Kuna lugha zinazoacha "ni" kwa nafsi fulani tu?

Zipo. Kihangari huacha kitenzi kwa nafsi ya tatu peke yake: yeye mwalimu, bila kitenzi, lakini mimi na wewe lazima kitenzi kiwepo. Tena hata kwa nafsi ya tatu huachwa kwa sifa na utambulisho tu, kwa mahali hurudi. Kwa hiyo usichukue kanuni ya Kiarabu ukaipeleka Budapest. Ukianza lugha yoyote ya aina hii, mwulize mwalimu wako akutafsirie sentensi tano: mimi ni mwalimu, yeye ni mwalimu, nyumba ni kubwa, nyumba iko hapa, na nyumba kubwa. Ukizipanga kwenye karatasi moja utaona mwenyewe kitenzi kimebaki wapi, kimeondoka wapi, na nini kimeshika nafasi yake.